Sumu Ikiwa Mbali, Hasira Hupoa

Lipo neno moja ambalo wasomaji wengi wa safu hii wamewahi kulisikia matangani, na huenda wengine wamelitamka wao wenyewe: “Aliyekusudia kufa hakosi njia.” Husemwa kwa nia njema. Husemwa ili mama asijilaumu kwa kutowahi kurudi kutoka kisimani, na ndugu asijute kwa maneno aliyoyatamka usiku uliotangulia. Lakini neno likiliwaza nyumba moja, huenda likazidhuru nyumba mia. Mtu akiamini kwamba njia haikosekani, hatajishughulisha kuifunga ile iliyo wazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba neno hilo si kweli, kwamba uwongo wake umepimwa kwa hesabu katika nchi kadhaa, na kwamba sisi wa Kona ya Musa, Msambweni na Kwale kwa jumla tunaweza kuitumia hesabu hiyo kuokoa roho za watu wetu.

Jambo lenyewe ni hili. Katika vijiji vinavyoishi kwa kilimo, sumu ya mashambani ni miongoni mwa njia kubwa ambazo watu hutumia kujidhuru. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba kati ya watu wote wanaojiua ulimwenguni, yapata mmoja katika kila watano hadi saba hufa kwa sumu ya aina hiyo, na wengi wao ni watu wa mashambani katika nchi za kipato cha chini na cha wastani. Nchi hizo si za mbali. Ni nchi zenye mahindi, mihogo, korosho, miembe na mchicha wa kuuza sokoni. Nchi ambazo chupa ya dawa ya kunyunyizia hukaa chini ya kitanda, juu ya dari au jikoni karibu na chumvi.

Kabla sijaendelea, naomba radhi kwa jambo moja nitakaloliacha kwa makusudi. Sitazitaja kwa majina kemikali zinazohusika, wala kiasi, wala namna. Gazeti husomwa na kila mtu, pamoja na yule aliyeamka leo na moyo uliovunjika. Wenye wajibu wa kuzijua kemikali hizo wanazijua, na orodha zipo katika ofisi zinazohusika. Msomaji wa kawaida hana haja ya orodha; haja yake ni kulielewa jambo.

Tuanze na swali: je, mtu anayekunywa sumu huwa amekusudia kwa muda gani? Watafiti waliwauliza wagonjwa walionusurika katika hospitali za mashambani huko Sri Lanka. Takribani nusu yao walieleza kwamba baina ya wazo na tendo haikupita hata nusu saa. Waliichagua sumu ile kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Hawakuwa wameijua nguvu yake, wala hawakuwa wameilinganisha na nyingine. Ulikuwa ugomvi wa mume na mke, kijana aliyetukanwa mbele ya wenzake, deni lililodaiwa hadharani, ulevi wa jioni moja. Wimbi la namna hiyo hupanda kwa ghafla na hushuka. Tatizo ni kwamba likiwa limepanda, kilicho mkononi ndicho kitakachoamua kama mtu huyo ataamka kesho akiwa na aibu tu, au hataamka kabisa.

Tena tafiti zilizowafuatilia kwa miaka mingi watu walionusurika baada ya kujidhuru zimeonyesha kwamba zaidi ya tisa katika kila kumi hawafi baadaye kwa kujiua. Kama ingekuwa kweli kwamba aliyekusudia hakosi njia, wengi wao wangalirudia mpaka wafaulu. Hawakufanya hivyo. Walipata nafasi ya pili, na wengi wao waliitumia kuishi.

Hapo ndipo lilipo kiini cha pendekezo ambalo wataalamu hulieleza kuwa ni kuzuia upatikanaji wa nyenzo za kujidhuru. Maana yake kwa Kiswahili chepesi ni kuiweka mbali sumu inayoua sana, ili wimbi likipanda, mkono usiikute. Halichukui nafasi ya kuwatibu wenye maradhi ya huzuni, wala ya kusuluhisha ndoa, wala ya kulipa madeni. Lina kazi moja: kumpatia mtu muda.

Sasa tuitazame Sri Lanka kwa utaratibu, kwa kuwa hakuna nchi iliyofunza zaidi. Mwaka 1995 kiwango cha watu waliojiua huko kilifikia 47 katika kila watu 100,000, mojawapo ya viwango vikubwa mno duniani wakati huo. Mwaka huohuo serikali ilimaliza kuondoa sokoni sumu za daraja la juu kabisa, zile ambazo chupa zake huwa na mshipi mwekundu. Mwaka 1998 ikaondoa nyingine, na kati ya 2008 na 2011 ikaondoa nyingine tatu. Kufikia 2005 kiwango kilikuwa kimeshuka hadi 24 katika kila 100,000, yaani nusu, na kikaendelea kushuka. Watafiti waliopiga hesabu ya miaka 20 tangu 1995 walikadiria kwamba maisha ya watu wapatao 93,000 yaliokolewa, kwa gharama ya moja kwa moja isiyozidi dola milioni 50.

Mwanafunzi makini atauliza: je, haikuwa kwamba watu walipata raha, vita vikaisha, kazi zikapatikana? Swali ni zuri na lilichunguzwa. Ukosefu wa kazi, ulevi, talaka na miaka ya vita havikufuatana na mteremko ule. Kuna dalili nyingine iliyo wazi zaidi. Idadi ya watu waliofikishwa hospitalini kwa kujidhuru kwa sumu haikupungua kwa kadiri vifo vilivyopungua. Watu waliendelea kugombana, kukata tamaa na kunywa vitu. Kilichobadilika ni kwamba walichokinywa hakikuwaua kwa wingi kama zamani. Walifika hospitalini, wakatibiwa, wakarudi nyumbani.

Na wakulima je? Hofu kubwa ilikuwa kwamba mpunga na mboga zingeliwa na wadudu. Mavuno yalipochunguzwa baada ya sumu zile kuondolewa, hayakuonyesha kuanguka kulikosababishwa na marufuku. Wakulima walihamia dawa nyingine zenye madhara madogo kwa binadamu. Korea Kusini nayo iliondoa dawa moja ya kuua magugu kati ya 2011 na 2012, na vifo vya kujiua kwa sumu za kilimo vikashuka kwa karibu nusu kufikia 2013.

Lakini hadithi ya Sri Lanka ina mikunjo miwili ambayo anayetaka kuiiga hana budi kuielewa, asije akaiga nusu.

Mkunjo wa kwanza ni huu. Sumu za mshipi mwekundu zilipoondolewa, wakulima walihamia kemikali moja ya daraja la chini yake. Katika hospitali moja ya Anuradhapura, vifo vilivyotokana na kemikali hiyo vilipanda kutoka kimoja mwaka 1994 hadi 50 mwaka 1998. Ilipopigwa marufuku mwaka huo, vikashuka hadi vitatu tu katika miaka mitatu iliyofuata. Kwa nini kemikali ya daraja la chini iliua hivyo? Kwa sababu madaraja yale yenye rangi, yaani nyekundu, manjano, buluu na kijani, hupangwa hasa kwa kuwapima panya maabarani. Panya si binadamu, na panya hapelekwi hospitalini kutibiwa. Zipo kemikali zenye mshipi wa manjano ambazo mtu akizinywa, daktari hana cha kumfaa. Basi rangi ya chupa peke yake haitoshi kuamua. Kinachoamua ni rejista ya hospitali inayoonyesha waliolazwa kwa kila aina ni wangapi, na waliokufa ni wangapi. Sri Lanka ilifaulu kwa kuwa madaktari wake waliitunza rejista hiyo na serikali ikaisoma.

Mkunjo wa pili unawashangaza wengi, na nautaja kwa kuwa najua ndilo shauri la kwanza litakalotolewa katika baraza lolote la chifu: “Watu wapewe masanduku yenye kufuli.” Shauri hilo lilijaribiwa kwa uangalifu mkubwa mno. Katika vijiji 180 vya Sri Lanka, vyenye nyumba zaidi ya 53,000, nusu ya vijiji iligawiwa masanduku ya kufungia dawa za shambani na nusu haikugawiwa. Watu wakafuatiliwa kwa miaka mitatu, na matokeo yakatangazwa mwaka 2017. Waliojidhuru kwa sumu katika vijiji vyenye masanduku walikuwa 293 katika kila 100,000 kwa mwaka. Katika vijiji visivyo na masanduku walikuwa 318. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata haiwezi kutengwa na bahati nasibu. Sababu si ngumu kuziwaza. Ufunguo hukaa nyumbani pamoja na sanduku, na anayeujua mahali ulipo ni mtu wa nyumba hiyohiyo. Kufuli husahauliwa wazi siku za kazi nyingi. Na duka liko pale njiani.

Kufuli lina faida yake kwa mtoto mdogo, na sisemi watu wayatupe masanduku. Nasema kwamba kaunti ikiwa na fedha chache, isizitie zote katika masanduku ikadhani imemaliza kazi. Ushahidi mzito uko upande wa kuiondoa sumu inayoua sana sokoni, isiwepo kabisa. Kisicholetwa kijijini hakihitaji kufungiwa.

Tuje nyumbani. Kenya ina Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 1982, na ndiyo inayoandikisha kila dawa kabla haijauzwa. Ina pia mkakati wa taifa wa kuzuia vifo vya kujiua wa mwaka 2021 hadi 2026. Mwaka 2025 Waziri wa Kilimo, Mutahi Kagwe, alitangaza kuondolewa kwa bidhaa kadhaa sokoni na nyingine kuwekewa mipaka ya matumizi. Hoja iliyosukuma hatua hiyo ilikuwa hasa usalama wa chakula, wa mazingira na wa afya kwa jumla. Ni hoja njema. Lakini orodha iliyotengenezwa kwa kuangalia mabaki ya dawa katika mboga si lazima ilingane na orodha ambayo ingetengenezwa kwa kuangalia wodi za hospitali. Dawa inayoyeyuka upesi na kuuacha mchicha ukiwa safi huenda ndiyo hiyo inayoua upesi ikinywewa. Pendekezo la kwanza, basi, ni kwamba rejista za hospitali ziwekwe mezani pa Bodi wakati wa kupitia orodha.

Hapo twakutana na kikwazo chetu wenyewe. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, ambaye angeweza kufungwa hadi miaka miwili. Matokeo yake yalikuwa nini wodini? Familia ilimleta mgonjwa ikasema: “Alidhani ni soda.” Daktari naye, kwa huruma, akaandika hivyohivyo. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu, katika kesi iliyoletwa na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na wenzake, alitoa hukumu kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Hukumu hiyo imeufungua mlango wa ukweli. Ila habari zake hazijafika kila kijiji, na mpaka zifike, familia zitaendelea kusema “alidhani ni soda”, na rejista itaendelea kusema uwongo.

Sasa nieleze namna kazi hii ingeweza kufanywa hapa kwetu, hatua kwa hatua, nikichukua Kona ya Musa na vijiji jirani kuwa mfano.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza na kuhesabu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao tayari huzitembelea nyumba, wakishirikiana na afisa wa kilimo, wapite katika maduka ya pembejeo na nyumba za wakulima wakiandika mambo matatu tu: dawa gani ipo, yatumika kwa mdudu au gugu gani, na huwekwa wapi baada ya kunyunyiza. Wasiulize nani amewahi kujidhuru. Swali hilo likiulizwa mlangoni, mlango hufungwa. Wakulima waulizwe pia jambo ambalo viongozi hulisahau: wakinyang'anywa dawa hii, watatumia nini? Jibu lisipotafutwa mapema, marufuku yatazaa magendo. Mpaka wa Lunga Lunga hauko mbali, na chupa isiyoruhusiwa Kwale yaweza kuvuka kutoka upande wa Tanga, au kwenda huko kutoka kwetu. Kwa hiyo shauri lolote la kuondoa dawa sharti lizungumzwe na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, kupitia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Hatua ya pili ni rejista. Hospitali ya Rufaa ya Msambweni na vituo vilivyo chini yake viwe na daftari moja lenye safu nne: aliyeletwa kwa sumu, jina la bidhaa kama lilivyoandikwa kwenye lebo, amepona au amefariki, na chupa ilitoka wapi. Majina ya watu hayahitajiki. Kwa mwaka mmoja au miwili, daftari hilo litaonyesha kitu ambacho hakuna semina inayoweza kuonyesha. Hebu tuchukue mfano wa hesabu tupu, usiotoka hospitali yoyote. Tuseme watu 40 waliletwa kwa bidhaa ya kwanza na wawili wakafa. Watu 10 waliletwa kwa bidhaa ya pili na watano wakafa. Atazamaye idadi ya waliolazwa atailaumu ya kwanza. Atazamaye uwiano ataona kwamba ya pili ndiyo jahazi linalozama: nusu ya wanaolipanda hawafiki. Ikiondolewa hiyo ya pili, na watu walewale 10 wakaangukia ya kwanza, huenda asife hata mmoja. Hesabu hii mwanafunzi wa darasa la nane aliiweza, na ndiyo iliyoongoza maamuzi ya nchi nzima.

Daftari hilohilo ndilo litakalotuambia baadaye kama tumefaulu. Vifo vikipungua ilhali waliolazwa wamebaki vilevile, mpango umefanya kazi yake. Vifo vikipungua kwa bidhaa moja vikapanda kwa nyingine, basi yamekuwa yale ya Anuradhapura, na hatua ya pili yahitajika upesi. Vyote viwili visipobadilika, tuulize kama bidhaa iliyokatazwa ingali ikiuzwa kwa siri.

Hatua ya tatu ni dukani. Mwenye duka la dawa za kilimo ni jirani yetu, na biashara yake ni halali. Asikaribiwe kama mshitakiwa. Aombwe mambo machache anayoyaweza. Dawa zikae nyuma ya kaunta, si kwenye rafu ya kujichukulia. Asimimine dawa katika chupa ya soda au ya maji kwa ajili ya mnunuzi asiye na fedha za chupa nzima, maana chupa hiyo haina lebo, mtoto huidhania kinywaji, na daktari hatajua ni nini. Amuulize kila mnunuzi maswali matatu ya kawaida ya kilimo: zao gani, mdudu gani, shamba la ukubwa gani? Mkulima hujibu bila kusita. Asiyeweza kujibu, au anayekuja amelewa au akilia, aambiwe kwa upole kwamba dawa hiyo imekwisha, arudi kesho, na mwenye duka amjulishe mtu wa karibu naye. Idadi ya watu wanaokwenda kununua sumu kwa nia hiyo hasa ni ndogo kuliko ya wanaoikuta nyumbani, lakini si ya kupuuzwa. Na siku moja ya kuchelewa, kama tulivyoona, yaweza kuwa ndiyo siku wimbi linaposhuka.

Hatua ya nne ni kuitoa sumu nyumbani bila kumtoa mkulima shambani. Katika vijiji vya Tamil Nadu, India Kusini, ilijaribiwa ghala moja la pamoja ambamo kila mkulima alikuwa na kisanduku chake, na msimamizi alikuwepo kumfungulia alipohitaji dawa. Jaribio lilikuwa dogo, la vijiji vichache tu, kwa hiyo lisikuzwe kupita kiasi. Lakini matokeo yake yalitia moyo, na tofauti yake na kufuli la nyumbani ni dhahiri, kwa kuwa ufunguo ulikuwa na mtu wa nje. Kwetu ingefaa zaidi njia ya wapiga dawa. Vijana wachache hufunzwa kunyunyiza, hupewa bomba, glavu na barakoa, na mkulima huwalipa kuja shambani na dawa yao wakaondoka nayo. Mkulima hapati chupa ya kuweka chini ya kitanda kwa sababu hakuinunua. Vikundi vya akina mama vyenye mashamba ya mboga vingeweza kuanza, kwa kuwa tayari vina mweka hazina na daftari.

Hatua ya tano ni maneno, na hapa niruhusiwe kuingia katika taaluma yangu. Lugha yetu imefanya jambo la ajabu: imeiita sumu hii “dawa”. Dawa ya mahindi, dawa ya kupe, dawa ya panya. Neno lilelile tunalolitumia kwa kile kinachomponya mtoto homa. Wataalamu wana neno “viuatilifu”, ambalo lina “kuua” ndani yake na halimdanganyi mtu. Lakini nani hulisema dukani? Sipendekezi polisi wa lugha. Napendekeza kwamba lebo, mabango na masomo ya kilimo shuleni yatumie “sumu ya wadudu” na “sumu ya magugu”, na kwamba maonyo yaandikwe kwa Kiswahili cha herufi kubwa, yafafanuliwe kwa Kidigo na Kiduruma barazani.

Vilevile kuna maneno ya habari na ya mimbari. Kichwa cha habari kinachotaja aina ya sumu, mahali ilipopatikana na sababu moja rahisi, kwa mfano “ajiua kwa kufeli mtihani”, huwa kama ramani kwa msomaji aliye katika hali hiyohiyo. Maimamu na wachungaji nao hukabiliwa na kazi ngumu ya kukataza tendo pasipo kuwavunja waliofiwa. Wengi wao hulijua hilo kuliko sisi. Waitwe mapema katika mpango huu, si siku ya uzinduzi tu, kwa kuwa wao ndio watakaoaminiwa wakisema kwamba aliyenusurika si mhalifu tena mbele ya sheria, na kwamba kumpeleka hospitalini na kusema ukweli ni kumsaidia.

Kwa walimu nina ombi mahususi. Shule zenye mashamba na vikundi vya wakulima vijana zikague ghala zake wiki hii. Chupa yoyote ya mshipi mwekundu au wa manjano, na yoyote isiyo na lebo, isikae shuleni. Apigiwe simu afisa wa kilimo aelekeze namna ya kuiondoa, isimwagwe chooni wala mtoni. Na wanafunzi wafundishwe jambo hili moja: mtu akinywa sumu ya shambani, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, apelekwe hospitalini papo hapo, pamoja na chupa yenyewe. Asitapishwe, wala asipewe maziwa au mayai mabichi kama ilivyo desturi ya wengi. Hayo hayaiondoi sumu, na matapishi yakiingia mapafuni humwongezea mauti. Dakika zinazopotea kutafuta maziwa ndizo ambazo daktari alizihitaji.

Hatua ya mwisho ni kulipeleka jambo mbele ya wenye uwezo. Kuandikisha dawa ni kazi ya taifa, lakini ugani wa kilimo, zahanati na leseni za maduka ni mambo ya kaunti tangu Katiba ya 2010. Bunge la Kaunti ya Kwale haliwezi kuifuta kemikali katika rejista ya taifa. Laweza kukataa kuinunua katika pembejeo za ruzuku, laweza kuwashurutisha wenye maduka kuwa na mafunzo kabla ya leseni, na laweza kupeleka daftari la Msambweni kwa Bodi likiwa na ombi rasmi. Na wananchi wana haki ya kupeleka maombi kwa bunge hilo. Kikundi cha walimu, wahamasishaji wa afya na wenye maduka wa Kona ya Musa kikienda na daftari mkononi, kitakuwa kimebeba kitu ambacho hotuba haiwezi kukipinga.

Kwa yeyote anayesoma haya akiwa na mzigo wa moyo: Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199, na Befrienders Kenya kwa nambari 0722 178 177. Kituo cha afya kilicho karibu nawe pia ni mahali pa kusema ukweli, wala hutashitakiwa. Na kama kuna chupa chini ya kitanda, mwombe jirani aichukue leo.

Nalirudia lile neno la matangani ili tuliweke kando. Aliyekusudia kufa hukosa njia, tena hukosa mara nyingi. Akiikosa, walio wengi huishi, huoa, huolewa, huzaa, huzeeka. Waliolithibitisha hilo ni wakulima kama sisi, katika kisiwa kilichomo katika bahari hiihii ya Hindi.